Raundi ngapi kwa siku? Pipa la lita 350 na jamvi la mita za ujazo 18

*Mhandisi, shikamoo. Nataka kumwaga jamvi la mita 12 kwa 10, unene sentimita 15, kwa siku moja. Mchanganyiko ni 1:2:4. Mashine ninayotaka kukodi inasemwa ni ya lita 350. Nimegawa lita 18,000 kwa 350 nikapata raundi 52, na mwenye mashine anasema raundi moja ni dakika 3, kwa hiyo saa 3 hazifiki. Fundi wangu anakataa, anasema siku nzima haitatosha. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Fundi wako anaweza kuwa sahihi kabisa, au kazi ikaisha kabla ya saa 8 mchana, na tofauti yote inatokana na jambo moja: ile 350 ni ujazo wa kitu gani. Kugawa kwako hakuna kosa. Kinachohitaji kuangaliwa upya ni namba mbili ulizopewa na watu wengine, lita 350 na dakika 3. Tuanze na lita.

Pipa la mashine ya zege lina ujazo wa aina tatu. Kuna ujazo wa pipa lenyewe, yaani nafasi yote iliyomo ndani ya chuma. Kuna ujazo wa saruji, mchanga na kokoto kavu ambazo pipa linaweza kupokea na bado likachanganya vizuri. Halafu kuna ujazo wa zege bichi linalotoka. Huu wa mwisho ndio mdogo kuliko yote, na ndio pekee unaoweza kuutumia kugawa lita zako 18,000.

Pipa haliwezi kujazwa lote kwa sababu linachanganya kwa kunyanyua na kuangusha. Vibao vya chuma vilivyomo ndani hubeba malighafi hadi juu, kisha huziachia zianguke juu ya zilizo chini. Pasipo nafasi ya kuangukia, mzigo wote huzunguka pamoja na pipa kama kipande kimoja, na katikati hubaki kavu. Kisha malighafi zenyewe hupungua ujazo zinapochanganyika, kwa kuwa mchanga huingia kwenye nafasi zilizo kati ya kokoto, na saruji na maji huingia kwenye nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Kwa michanganyiko ya kawaida, zege bichi hutoka likiwa karibu theluthi mbili ya ujazo wa malighafi kavu.

Ndiyo maana mashine nyingi za ujenzi zenye ukubwa wa kati huandikwa namba mbili. Ukikuta 560/350 au 500/350, namba ya kwanza ni lita za malighafi kavu na ya pili ni lita za zege bichi. Mashine za zamani zilizoandikwa 10/7 hufuata mtindo uleule, ila kwa futi za ujazo: futi 10 ni lita 283 za malighafi na futi 7 ni lita 198 za zege. Shida huja kwenye mashine ndogo za kuinamisha kwa mkono, ambazo mara nyingi huuzwa na kukodishwa kwa namba moja tu, na namba hiyo huwa ni ya pipa zima. Pipa zima la lita 350 halikupi zege lita 350. Linakupa karibu nusu tu ya hapo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda ukaisome mashine yenyewe. Tafuta kibao cha chuma karibu na injini au kwenye fremu. Kama kimefutika, muulize mwenye mashine swali ambalo hawezi kulijibu kwa kubahatisha: inachukua mifuko mingapi ya saruji kwa raundi moja ya 1:2:4? Na uangalie kama ina hopa, lile sanduku la kupakilia linalonyanyuliwa na mashine yenyewe na kumimina ndani ya pipa. Mashine inayotoa lita 350 za zege kwa kawaida huwa na hopa, kwa sababu malighafi za raundi moja ni nyingi mno kurushwa kwa koleo mdomoni mwa pipa.

Nimetaja mifuko kwa makusudi. Kwenye eneo la kazi hakuna anayechanganya lita 350 kamili. Raundi hupangwa kwa mfuko mzima wa kilo 50, kwa sababu mfuko ndio kipimo pekee ambacho hakikosewi. Nusu mfuko hukisiwa kwa macho, na raundi mbili zilizotoka kwenye mfuko mmoja hazitafanana. Basi tuone mfuko mmoja unatoa nini.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Ndiyo maana boksi la kupimia hutengenezwa la lita 35. Vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 35, kina 25, vinakupa hizo hasa. Kwa 1:2:4 kila mfuko unaambatana na maboksi 2 ya mchanga na maboksi 4 ya kokoto, yaani lita 35 na 70 na 140, jumla lita 245 za malighafi kavu. Chukua theluthi mbili yake unapata kama lita 163 za zege. Ukipenda kuhakiki kwa njia ya uzito na msongamano wa kila malighafi, pamoja na lita 30 hivi za maji, utaangukia palepale karibu na lita 165. Mimi nitatumia 163.

Sasa pipa linaanza kueleweka. Mashine ya 560/350 inapokea mifuko miwili kwa raundi: malighafi lita 490, zege lita 326. Mashine ya 500/350 pia inaipokea, ila bila akiba yoyote, na lazima isimame sawasawa ardhini. Mashine ya 10/7 ni ya mfuko mmoja, kwani lita 245 zinaingia ndani ya 283. Na ile ya kuinamisha ambayo pipa zima ni lita 350 nayo ni ya mfuko mmoja. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotoa 350 kwa kazi yako. Utapata 326 au utapata 163.

Kabla ya kugawa, rekebisha na kile kinachogawanywa. Mita 12 kwa 10 kwa 0.15 ni mita za ujazo 18, lakini kitanda cha mawe chini ya jamvi hakiko bapa kama karatasi, na kuna zege litakalobaki kwenye toroli na pembeni mwa fomu. Ongeza asilimia 5, ifike 18.9. Ukiona hiyo ni nyingi, pima kitanda chako kwa kamba kabla ya siku ya kazi. Kikiwa chini kwa sentimita moja tu kwa wastani, umeongeza mita ya ujazo 1.2, ambayo kwa mashine ya mfuko mmoja ni zaidi ya raundi 7. Kusawazisha kitanda siku iliyotangulia ni rahisi kuliko kuchanganya raundi hizo.

Basi:

```
mifuko 2 kwa raundi:  18.9 / 0.326 = raundi 58
mfuko 1 kwa raundi:   18.9 / 0.163 = raundi 116
```

Saruji ni mifuko 116 kwa njia zote mbili. Agiza na michache ya akiba.

Kuna jambo moja la mchanga linaloweza kuvuruga hesabu hii. Mchanga wenye unyevunyevu huvimba, kwa sababu maji yaliyoshika chembe huzifanya zisikaribiane. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5 hivi, ujazo wake unaweza kupanda kwa robo. Boksi linajaa, lakini mchanga halisi uliomo ni pungufu, na zege la mfuko mmoja linashuka hadi lita 155 hivi. Badala ya raundi 116 utahitaji kama 122, na zege lenyewe litakuwa na kokoto nyingi lisilolainika vizuri. Kujua kama mchanga wako umevimba, jaza ndoo kwa mchanga huo bila kuushindilia, umwage pembeni, tia maji ndoo hadi nusu, kisha rudisha mchanga taratibu ukikoroga. Mchanga uliolowa kabisa huacha kuvimba. Ukitua chini ya ukingo kwa sehemu moja ya tano ya kina cha ndoo, ulikuwa umevimba kwa robo, na unajua cha kufanya: ongeza mchanga kwa robo juu ya maboksi yako, na upunguze maji ya raundi kwa lita 5 hivi kwa mfuko, kwa kuwa mchanga tayari umebeba maji yake.

Tuje kwenye dakika 3. Mwenye mashine hakudanganya, ila amekuhesabia muda wa pipa kuzunguka na kumwaga, akasahau yanayotokea nje ya pipa. Raundi moja inaanza pipa linapokuwa tupu na inaisha linapokuwa tupu tena. Ndani yake kuna kupakia, kuchanganya, kumwaga na kurudisha pipa mahali pake. Kuchanganya pekee nakuomba usikuguse: dakika 2 baada ya malighafi zote na maji kuwa ndani. Kwa pipa dogo, dakika moja na nusu inaweza kutosha kama operata ni mzoefu na malighafi zimeingia kwa mpangilio mzuri, lakini chini ya dakika moja hapana kabisa. Zege lililochanganywa vya kutosha lina rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa kumwaga na halina madonge yenye unga mkavu ndani. Vunja donge moja kwa mwiko uone. Ukiona zege la kwanza kutoka lina kokoto tupu na la mwisho ni uji wa mchanga, ama muda ni mfupi ama pipa limezidishiwa.

Sehemu inayonyonya muda bila watu kuiona ni kumwaga. Toroli ya kawaida hubeba kama lita 45 za zege bichi bila kumwagika njiani. Raundi ya lita 326 ni toroli 7 na kitu kidogo. Kila toroli inahitaji kusogea chini ya mdomo, kujazwa na kuondoka, na hata watu wakiwa wepesi hiyo ni sekunde 15. Toroli saba ni sekunde 105. Kwa hiyo ile nusu dakika ya kumwaga unayoambiwa ni ya mashine inayomwaga chini kwa mkupuo mmoja, na ukimwaga chini itabidi uchote tena kwa koleo kujaza toroli. Unaweza kufanya hivyo juu ya bati safi lililoloweshwa, na pipa likaanza raundi nyingine mara moja, lakini umeongeza watu wanne wa koleo.

Mashine yenye hopa itakuwa hivi: hopa kumimina nusu dakika, kuchanganya dakika 2, kujaza toroli dakika 1 na sekunde 45, kurudisha pipa sekunde 15. Jumla dakika 4 na nusu. Hopa inajazwa upya wakati pipa linachanganya na kumwaga, kwa hiyo kupakia hakuongezi muda, mradi wapakiaji wanawahi. Mashine ya mfuko mmoja isiyo na hopa inapakiwa kwa mkono wakati pipa limesimama kuwasubiri: kupakia dakika 1 na sekunde 45, kuchanganya 2, kujaza toroli 4 dakika moja, kurudisha sekunde 15. Jumla dakika 5. Mshangao kwa wengi ni kwamba mashine ndogo haiwi na raundi fupi. Inachukua muda uleule au zaidi kutoa nusu ya zege.

Usigawe dakika 60 kwa muda wa raundi. Saa ya kazi ya zege ina dakika 50. Zile 10 huenda kwenye mafuta ya injini, toroli iliyopasuka gurudumu, mfuko uliochelewa kuletwa, na watu kunywa maji. Mimi hutumia 50 kwa timu inayofahamiana na 45 kwa timu iliyokutana asubuhi ile.

```
yenye hopa, mifuko 2:  50 / 4.5 = raundi 11 kwa saa, mita za ujazo 3.6
bila hopa, mfuko 1:    50 / 5   = raundi 10 kwa saa, mita za ujazo 1.6
```

Raundi 58 kwa 11 ni saa 5 na dakika 20 hivi. Raundi 116 kwa 10 ni saa 11 na nusu. Hapo ndipo ulipo ubishi wako na fundi. Yeye huenda ameiona mashine na anajua ni ya mfuko mmoja.

Ukianza kumwaga saa 1 na nusu asubuhi, mashine ya mifuko miwili inamaliza kabla ya saa 7 mchana, watu wakila kwa zamu bila pipa kusimama. Ya mfuko mmoja inamaliza saa 1 usiku. Na raundi ya mwisho si mwisho wa kazi, kwani zege hilo linahitaji kusubiriwa lianze kushika kabla ya kulainishwa, na hiyo hula saa 2 hadi 4 kutegemea jua na upepo. Mimi nisingekubali raundi ya mwisho ipite saa 9 alasiri.

Sasa kuna swali ambalo hukuuliza lakini ndilo linaloniumiza kichwa zaidi kwa jamvi lako, nalo ni kasi ya mbele ya kazi. Jamvi humwagwa kwa mikanda, kila mkanda ukiungana na uliotangulia ukiwa bado mbichi. Ukimwaga kwa upana wote wa mita 10, kila mita moja unayosonga mbele inataka mita ya ujazo 1.5. Mashine yenye hopa inaitoa kwa dakika 25. Ya mfuko mmoja inahitaji dakika 55, na kwenye jua kali ukingo ulioachwa kwa muda huo unaanza kukakamaa. Zege jipya litalala juu ya la zamani bila kushikana, na utabaki na mshono unaopitisha maji na utakaokuwa wa kwanza kupasuka. Utaujua wakati wa kumwaga: ukichoma ukingo kwa kipande cha nondo na shimo likabaki wazi badala ya kujifunga ukitikisa zege, umechelewa. Kwa hiyo hata kama ungekubali kufanya kazi hadi usiku, mashine ndogo moja haifai kwa upana huo.

Tiba yake haihitaji mashine nyingine lazima. Ligawe jamvi kwa ubao wa fomu katikati, kwenye ule urefu wa mita 12, uwe na vipande viwili vya mita 12 kwa 5. Mkanda wa mita moja sasa ni mita ya ujazo 0.75, ambayo mashine ya mfuko mmoja inaitoa kwa dakika 28 hivi. Kipande kimoja ni raundi 58, kwa raundi 10 kwa saa ni saa 5 na dakika 50. Unamwaga kimoja leo na kingine kesho, na mshono uko mahali ulipouchagua mwenyewe, umenyooka, badala ya kutokea popote jua litakapokukuta. Ukitaka kumaliza kwa siku moja kwa mashine ndogo, kodi mbili na ziwe na timu mbili kamili. Mashine mbili zenye timu moja ni sawa na mashine moja na nusu siku ya kwanza, na chini ya hapo baada ya chakula cha mchana.

Nimesema hopa haiongezi muda mradi wapakiaji wanawahi, na hapo ndipo kazi nyingi hukwama. Raundi ya mifuko miwili ni maboksi 12 ya mchanga na kokoto, zaidi ya kilo 600, kila baada ya dakika 4 na nusu. Kwa siku nzima ni karibu tani 37 zinazonyanyuliwa kwa koleo, mbali na saruji na maji. Panga watu wa kokoto wawe mara mbili ya wa mchanga, lundo la kokoto liwe karibu zaidi na hopa kuliko la mchanga, na mifuko iwe imeshasogezwa upande wa pili ili wanaoibeba wasipite mbele ya makoleo. Maji nayo ni lita 60 kwa raundi, ndoo 3 za lita 20. Pipa la maji lijazwe na mtu wa peke yake, maana nimeona mashine nzuri ikisimama kwa sababu bomba lilikuwa linatiririka kidogo kidogo. Kwa kuchanganya tu utatumia kama lita 3,500. Kuosha na kumwagilia ni juu ya hapo.

Upande wa pili wa pipa kuna toroli. Kama umbali ni mita 20 na njia ni ya mbao zilizonyooka, safari ya kwenda, kumwaga na kurudi ni dakika 3 hivi. Pipa linajaza toroli 7 mfululizo kwa dakika 1 na sekunde 45, kabla hata ya kwanza haijarudi, kwa hiyo unahitaji toroli 7 zinazozunguka. Weka 8, ya nane ikiwa akiba. Umbali ukifika mita 40, hesabu hiyo inapanda zaidi. Ukiona pipa limesimama likiwa limejaa zege, toroli ni chache. Ukiona toroli zimepanga foleni pipa likiwa tupu, wapakiaji ni wachache. Ukiona vyote viwili vinakwenda lakini zege limerundikana kwenye jamvi, wasawazishaji wamezidiwa, na hapo ni afadhali kupunguza kasi kuliko kuacha rundo likae.

Raundi ya kwanza ya siku huwa na shida yake. Pipa kavu hunyonya uji wa saruji na mchanga ukutani mwake, na zege la kwanza hutoka na kokoto nyingi. Punguza maboksi mawili ya kokoto kwenye raundi hiyo, ikitoka pungufu usishtuke. Tia kwanza sehemu ya maji na kokoto kidogo, kisha saruji na mchanga, kisha kokoto iliyobaki na maji ya mwisho, ili saruji isigande nyuma ya pipa. Mashine ikisimama zaidi ya nusu saa, tupa kokoto na maji ndani izunguke. Zege lililoganda kwenye vibao hupunguza nafasi ya kuangukia, na mchana utakuta raundi ileile iliyokuwa inaingia vizuri asubuhi sasa inamwagika mdomoni.

Weka mtu mmoja wa kuhesabu. Apige mstari kwa kila raundi kwenye ubao, na aandike saa kila baada ya raundi 10. Raundi 10 za mifuko miwili ni mita za ujazo 3.26, ambazo kwa unene wa sentimita 15 zinapaswa kufunika karibu mita za mraba 22. Pima eneo lililofunikwa. Likiwa 19, unene wako umepita sentimita 17 au maboksi hayajai, na umelijua hilo ukiwa bado na muda wa kuagiza saruji. Likiwa 25, jamvi ni jembamba na anayeongoza kamba aangaliwe mara moja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo itakayokuambia kama siku inatosha. Hata ukiwa na mashine ya hopa, simamisha ubao wa fomu wa katikati uwe tayari kando, wa mita 10 kukata urefu, ili uweze kusimama kwenye nusu ya jamvi ikilazimu. Saa 4 na nusu asubuhi, saa 3 baada ya kuanza, unatakiwa kuwa na raundi kama 33. Ukiwa nazo 24 bado unaweza kufikisha 58 kabla ya saa 9 alasiri kwa mwendo huohuo. Ukiwa chini ya 24, piga ubao kwenye mita ya 6, malizia raundi zilizobaki kufika 29, lainisha nusu hiyo vizuri, na umwambie mwenye mashine kwamba utaihitaji kesho pia.